Viatu vya shule vya Februari: jinsi tunavyoandika tangazo la punguzo WhatsApp

Duka la shangazi liko Morogoro, si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu, na linauza nguo na viatu vya watoto. Yeye ndiye anayejua mzigo. Anaingia Kariakoo asubuhi na mapema, anakunja soli kwa mikono miwili, ananusa gundi, na anakuambia kiatu hiki kitafika Juni na hiki kitaachama Machi. Mimi nashika simu ya duka.

Kila Februari hali huwa ileile. Shule zimeshafunguliwa Januari, wazazi wamenunua, na rafu ya chini imebaki na viatu vyeusi ambavyo ni hela iliyolala. Mwaka huu Idi ilikuwa inaangukia Machi, kwa hiyo hela hiyo ilitakiwa iamke mapema ikanunue magauni na kanzu. Shangazi akaniandikia tangazo, akataka nilitume kwa kila namba iliyomo kwenye simu. Naliweka hapa kwa ruhusa yake, maana analicheka siku hizi:

> 🔥🔥 HABARI NJEMA!!! 🔥🔥 NDUGU MTEJA WETU MPENDWA, TUNAKULETEA PUNGUZO KUBWA HADI ASILIMIA 50 KWA BIDHAA ZETU BORA!!! BEI YA KUTUPA!!! WAHI SASA KABLA HAZIJAISHA, USIKOSE!!! 🛍️🛍️💃💃 KWA BEI NA MAWASILIANO NJOO INBOX

Sikumjibu kwa maneno. Nilichukua simu yake mwenyewe nikafungua meseji za wiki ile. Zilikuwepo za mtandao wa simu zinazoanza na “Ndugu mteja”, zilikuwepo za kubeti zenye herufi kubwa tupu, na ilikuwepo ile ya matapeli ambayo kila Mtanzania ameshaipata, ya “ile hela itume kwenye namba hii”. Tangazo lake lilikuwa ndugu yao wa damu. Halikutaja hata kiatu. Ukiondoa jina la duka, muuza magodoro angeweza kulituma vilevile bila kubadilisha neno.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaofundisha mambo haya. Wao huanza na maneno: punguza alama za mshangao, punguza imoji. Ni kweli, lakini ujumbe wenye herufi ndogo na adabu zote unaweza bado kuwa takataka kwa mtu asiye na mtoto wa saizi hiyo. Kinachoufanya ujumbe uwe kero ni kumfikia mtu asiyehusika. Kwa hiyo kabla sijaandika hata “habari”, nilishuka kwenye rafu ya chini nikahesabu.

Zilikuwepo pea sita za saizi 30, pea mbili za 31, tisa za 33, tano za 34 na saba za 37. Saizi 32 ilikuwa imeisha kabisa. Tazama orodha hiyo kwa jicho la mama aliyeko Kihonda mwenye mtoto wa darasa la pili. Anataka saizi moja tu. Ukimtangazia “viatu vya shule, saizi zote”, akapanda daladala mpaka mjini, akakuta saizi ya mwanawe haipo, hatakugombeza. Atatabasamu, atasema “basi, nitapita tena”, na tangazo lako lijalo atalipita bila kulifungua.

Shangazi ana daftari la mauzo, na mazoea yake ya zamani ndiyo yaliyotuokoa. Huandika jina la mama, namba ya simu, aina ya kiatu na saizi. Mtoto wa umri wa shule za awali na madarasa ya mwanzo huongezeka saizi moja hadi mbili kwa mwaka, kwa hiyo aliyevaa 31 au 32 Januari ya mwaka jana ndiye anayetafuta 33 sasa. Nikalirudia daftari la mwaka jana, nikatoa majina ya 31 na 32, nikapata kama sitini hivi. Hao ndio wenye habari yao. Waliobaki, hata wawe mia tano, habari hii haikuwahusu.

Kuna mtu alijitolea kutupa namba za wazazi wote wa kundi la WhatsApp la shule moja. Nilikataa, na si kwa sababu ya wema. Brodkasti ya WhatsApp haimfikii mtu ambaye hajaisevu namba yako kwenye simu yake. Unaweza kumweka kwenye orodha, unaweza kutuma, na kwako utaonekana umetuma, lakini kwake hakuna kitu kitakachoingia. Namba za kuokota hazina faida hapo hata kidogo. Na ukisema basi utawatumia mmoja mmoja, mtu akipata ujumbe kutoka namba asiyoijua, WhatsApp yenyewe inamwekea kitufe cha kukuzuia na cha kukuripoti. Akiripoti, meseji zako za mwisho, hadi tano, zinapelekwa kwa WhatsApp wenyewe wazikague. Ukiripotiwa na wengi namba inaweza kufungiwa, na namba ya duka ikifungiwa umepoteza wateja wa miaka. Wanaotumia zile WhatsApp za pembeni, GB na wenzake, ili watume kwa maelfu wanaikaribia hatari hiyohiyo kwa njia ya mkato. Isitoshe, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mzazi aliyetoa namba yake ili apate taarifa za shule hakuitoa ili auziwe viatu.

Kwa hiyo ruhusa tunaiomba kaunta, mtoto akiwa bado anajaribu kiatu. Shangazi husema, “Mama nanihii, mwakani huyu atakuwa amekipita hiki. Nikusevu nikuambie zikija saizi yake?” Akikubali, tunambipu hapohapo, naye anaisevu namba yetu mbele yetu. Wengine wametusevu kwa jina la duka, wengine “Dada Viatu”, mmoja nimeona ameandika “Shangazi wa Kingalu”. Jina hilo ndilo litakalotokea juu ya ujumbe siku ukiingia, na hakuna jina zuri kuliko lile mteja alilokupa mwenyewe.

Sasa maneno. Huu ndio ujumbe uliokwenda kwa watu wa saizi 33:

> Habari yako. Ni sisi wa viatu vya watoto karibu na soko la Kingalu.
>
> Viatu vyeusi vya shule saizi 33 vimebaki pea 9. Januari vilikuwa ~28,000~, sasa ni *20,000* mpaka Jumamosi saa 12 jioni. Ni vya mkanda, soli imeshonwa. Tunavipunguza ili tupate nafasi ya mzigo wa Idi.
>
> Nimekuandikia kwa sababu mwaka jana ulichukua 31 au 32. Kama mtoto ameshaipita 33, au ana viatu tayari, niambie nirekebishe kwenye daftari.
>
> Ukitaka nikuwekee, nijibu: 33

Nyota na vile vimawimbi ni alama za WhatsApp. Ukiweka kimawimbi mbele na nyuma ya bei, mpokeaji anaiona imekatwa mstari. Ukiweka nyota, inakolea. Nimekoleza kitu kimoja tu, bei mpya. Ukikoleza mistari minne, hakuna kilichokolea.

Mstari wa kwanza ulinigharimu muda kuliko mingine yote. Mpokeaji huwa hafungui ujumbe kwanza. Anaona kipande chake kwenye skrini iliyofungwa, au mstari mmoja kwenye orodha ya mazungumzo. “HABARI NJEMA” ikikaa pale imekula nafasi yote bila kusema lolote. Nilijaribu pia kuanza moja kwa moja na “Viatu vyeusi saizi 33”, lakini shangazi akakataa, akasema huwezi kumwingilia mtu bila hodi. Alikuwa sahihi. Salamu ikabaki, ila fupi, na nyuma yake tukaweka sisi ni nani. “Shikamoo” haifai hapa kwa sababu kwenye orodha wamo mabinti wa miaka ishirini na tano na wamo bibi wanaolea wajukuu. “Habari yako” inakaa kwa wote.

Nikaandika kwa mtu mmoja pia. Brodkasti haionekani kama kundi. Kila mpokeaji anaiona ndani ya mazungumzo yake na wewe, chini ya meseji zenu za zamani, na hawezi kuwaona wengine. Mwezi uliopita alikuuliza kama una soksi nyeupe, ukamjibu. Leo chini ya maneno yale inatokea “Wateja wetu wapendwa, tunawatangazia”. Papo hapo anajua kwamba humsemeshi yeye. “Nimekuandikia” inakubaliana na mahali ujumbe ulipotua. Sikuweka majina, kwa sababu brodkasti hutuma maneno yaleyale kwa wote, na kujifanya unamjua mtu kwa jina kwa kutumia ujanja wa mashine ni jambo ambalo akina mama hulitambua haraka.

Bei ndiyo iliyozua mjadala mrefu. Shangazi, kama wafanyabiashara wengi, hapendi kuiandika. Anaamini mteja akiijua bei kabla ya kukanyaga duka, amekosa sababu ya kuja. Mimi naona kinyume. “Njoo inbox kwa bei” inamlazimisha mtu kuuliza, na akishauliza anaona aibu kuondoka bila kununua, kwa hiyo wengi hawaulizi kabisa. Lakini zaidi ya hapo, bei iliyoandikwa ndiyo inayolitofautisha duka na tapeli. Neno “hadi asilimia 50” halina kitu cha kushika. Tulipopiga hesabu, kiatu kilinunuliwa 17,000 Kariakoo, na ukiweka usafiri na mfuko kinasimama kama 18,000. Nusu ya 28,000 ni 14,000, yaani hasara ya elfu nne kila pea. Kiatu pekee ambacho kingeweza kuuzwa kwa bei hiyo ni kimoja kilichokatika mkanda. Kumwita mama wa Mazimbu kwa ajili ya kiatu kilichokatika mkanda ni kumdanganya, hata kama neno “hadi” linakulinda.

Elfu ishirini ilituachia elfu mbili kila pea. Ni ndogo, lakini lengo lilikuwa kufungua hela ya Idi. Na bei ya zamani ilikuwa ya kweli: Januari kila mtu aliyeingia alilipa 28,000, na Morogoro si mji mkubwa kiasi cha watu kutokuulizana. Nimeona maduka yanayopandisha bei kwenye tangazo ili yaikate. Inatosha mteja mmoja mwenye risiti.

Sababu ya punguzo, ile ya mzigo wa Idi, niliisisitizia sana. Mteja akiona bei imeshuka ghafla, swali lake la kwanza kimoyomoyo ni kiatu kina kasoro gani. Ukimpa sababu anayoweza kuiona kwa macho (anajua Idi inakuja, anajua duka letu ni dogo) swali linakwisha. Kama sababu ingekuwa rangi imefifia kwa kukaa karibu na mlango, ningeandika rangi imefifia. Kuna watu wanaotafuta hasa kiatu cha bei ndogo kilichofifia, na dawa ya viatu ipo.

Kisha ule mstari wa “niambie nirekebishe kwenye daftari”. Duniani kote wanakuambia umpe mteja njia ya kujitoa, na meseji za makampuni huandika “kujitoa tuma neno fulani”. Kwetu huo mlango watu hawautumii. Ni nani atamwandikia shangazi, mtu anayemsalimia sokoni, kwamba asimtumie tena ujumbe? Ataona ni kumvunjia heshima. Badala yake atanyamazisha, au atatublok kimyakimya, na sisi hatutajua. Kwa hiyo tunampa sababu ya heshima ya kutoka: mtoto ameshaipita saizi. Huhitaji kusema hututaki. Unasema tu mtoto amekua. Na majibu yaliyokuja kwa mstari huo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotegemea. “Huyu sasa anavaa 35 dada, miguu ya baba yake.” “Yuko kwa bibi yake Kilosa, ila mdogo wake anavaa 27.” Kila jibu kama hilo ni mstari mpya kwenye daftari, na ni ujumbe mmoja usiohusika ambao hatutautuma mwakani. Aliyejibu kwamba hahitaji tulimshukuru na kumtoa siku ileile. Ukimwacha, akapata tangazo jingine la 33 wiki inayofuata, atajua ulikuwa humsikilizi.

Namba ya malipo hatukuiweka. Ujumbe wa kwanza wenye lipa namba ndani yake unanuka utapeli, hata ukitoka kwa mtu unayemjua, kwa sababu simu za watu hudukuliwa na matapeli huandika kwa majina ya ndugu. Malipo yanakuja baadaye, mteja akishachagua, na tunamwambia jina atakaloliona kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa tofauti, asilipe.

Picha ilikuwa moja. Kiatu kimoja juu ya benchi letu, mlangoni, mwanga wa asubuhi, soli ikiwa imegeuzwa ili namba 33 isomeke na mshono uonekane. Wauzaji wa jumla hutuma picha nzuri sana zenye mandhari nyeupe, na kila duka kuanzia hapa mpaka Dodoma linazo hizohizo, nyingine zikiwa bado na chapa ya mwenye nazo. Benchi la shangazi lenye mkwaruzo wake halipo kwingine. Maneno niliyaweka chini ya picha ileile, si ujumbe wa pili, ili simu ya mtu ilie mara moja tu. Bei sikuiandika juu ya picha. Picha husambaa: mama anaitupa kwenye kundi la jumuiya, nayo inaendelea kuzunguka Aprili na 20,000 yake usoni wakati viatu vimeshaisha. Na kwa kuwa wengi wamezima upakuaji wa picha ili kulinda bando, ujumbe ulipaswa kueleweka hata picha ikibaki ukungu. Maneno yenyewe yasiwe marefu mno. WhatsApp huyakata na kuweka “Read more”, na wachache hubonyeza.

Jambo dogo lililokaribia kutuponza: shangazi alitaka niandike ujumbe, nimtumie ausome, halafu aufowadi kwenye orodha. Ujumbe uliofowadiwa unabeba kibandiko cha “Forwarded” juu yake. Umeandika “nimekuandikia”, na juu yake simu inasema umehamishwa kutoka kwingine. Nakili maneno, yabandike upya, ambatisha picha kutoka kwenye simu.

Kabla ya kutuma, palikuwa na kundi moja la kushughulikia kwanza, na nadhani ndilo sehemu ngumu kuliko zote katika tangazo lolote la punguzo. Ni wale walionunua kiatu hichohicho Januari kwa 28,000. Wiki chache tu zimepita. Ukiwatumia tangazo, unawaambia kwamba walilipa elfu nane za bure kwa kuwahi. Kuwatoa kwenye orodha ni lazima, lakini hakutoshi, kwa sababu watasikia kwa jirani. Tukawaandikia peke yao, kabla ya wengine, kwamba viatu vilivyobaki tunavipunguza wiki hii ili kupisha mzigo wa Idi, wao walichukua wakati saizi zote zipo, na wakipita dukani kuna pea mbili za soksi nyeupe zimewekwa kwa jina lao.

Shangazi aliguna. “Yaani nimpe soksi mtu kwa kununua kwangu?”

Nikamwambia pea mbili hizo kwa bei ya jumla hazifiki hata robo ya elfu nane anazoweza kuzisimulia huyo mama kwenye kikao cha wazazi. Akakubali shingo upande. Waliokuja kuchukua soksi hawakuwa wengi, lakini wengi walijibu, na mmoja alichukulia dada yake pea ya 30 kwa bei ya punguzo. Malalamiko hayakuja.

Kuhusu kutuma kwenyewe. Orodha moja ya brodkasti inabeba watu hadi 256, na wingi huo unashawishi. Lakini tulikuwa na pea tisa na majina sitini. Ukituma kwa wote sitini kwa mpigo, na ishirini wakajibu “33”, umewafurahisha tisa na kuwakera kumi na moja. Nilizigawa orodha tatu, nikaziita 33 A, 33 B na 33 C. A ni wale ambao huwa wanajibu. Orodha hizo hazionekani kwa wateja. Jina la orodha unalijua wewe tu. A ikatumwa Jumatano saa saba mchana, wakati ofisi na shule ziko mapumzikoni, na mishahara ya serikali ilikuwa imeshaanza kuingia. Usiku sipendi. Meseji ya biashara ikilia saa nne usiku inamkuta mama amechoka, na mimi mwenyewe nimeshazima data. Anayejibu “33” na kukaa mpaka asubuhi bila jibu ameshaanza kuamini alijibu mashine. Nikituma, nakaa na simu mkononi saa mbili zinazofuata.

Kujua kama ujumbe umefika, bonyeza kwa muda juu yake kisha fungua “Info”. Pale utaona waliosoma, “Read by”, na waliopokea, “Delivered to”. Anayekosekana kote kuwili mpaka siku ya pili huenda simu yake imezimwa, au hajakusevu, au amekublok. Simu haikuambii ni lipi. Nilichofanya ni kuweka alama ya swali pembeni ya jina lake daftarini. Akija dukani, tunamwomba tuhakiki namba. Wengi huwa wamebadilisha simu na namba yetu haikuhamia. Na usihuzunike ukiona waliopokea ni wengi kuliko waliosoma, kwani aliyezima tiki za bluu hatokei kwenye waliosoma hata kama amesoma yote na yuko njiani anakuja.

Majibu yalipoanza kuingia, nilijibu kwa mkono, kila mmoja. “Nimekuwekea moja ya 33, jina lako liko juu ya boksi. Nitaishikilia mpaka kesho saa kumi jioni.” Muda huo ni muhimu. Bila hivyo unashikilia boksi la mtu aliyesahau huku mwingine anakosa. Kwa wa Kilosa na Ifakara tulipakia kwenye basi pale Msamvu baada ya malipo. Wa mjini waliotaka bodaboda waliambiwa nauli kabla, pembeni ya bei ya kiatu, isije ikawa 20,000 imegeuka 23,000 mlangoni kwao.

Pea za 33 zikaisha kwenye orodha B. C hawakutumiwa kitu. Hilo shangazi hakulielewa mwanzoni. Aliona ni watu ishirini tumewaacha bure. Lakini ungewaambia nini? Kwamba kulikuwa na viatu na vimeisha? Wao ndio watakaokuwa A safari ijayo. Waliochelewa kwenye A na B niliwaandikia “33 imeisha leo mchana, samahani, ipo 34 pea mbili kama anakaribia”, na wawili wakachukua.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni ilipofika, bado kulikuwa na pea moja ya 30 na pea zote saba za 37. Shangazi alitaka tuongeze muda mpaka Jumatano, na nitume kikumbusho chenye “SIKU YA MWISHO”. Hatukutuma. Tuliposema Jumamosi tulimaanisha Jumamosi, na Jumatatu pea ile ya 30 iliuzwa 28,000 kwa baba mmoja aliyeingia tu kutoka barabarani bila kujua habari ya tangazo.

Zile za 37 ni suala jingine. Hazikuwa na orodha. Ni saizi ya mtoto wa darasa la sita au la saba, na ukipekua daftari letu wateja wanapotea wakifika 35, kwa sababu watoto wa umri huo huanza kuchagua wenyewe na hawataki kuonekana kwenye duka lenye picha ya dubu mlangoni. Hakuna ujumbe, hata ukiandikwa vizuri namna gani, utakaompata mtu ambaye hayumo daftarini. Nilizipiga picha zote saba benchi lilelile, nikaziweka stetasi kwa saa zake 24 zikiwa na bei, na shangazi akachukua nne kwenda nazo Kariakoo kujaribu kuzibadilisha na yule aliyemuuzia.